Mkanda wa minofu uliogoma kugeuka

Mzee aliingia ofisini saa nne asubuhi, mikono bado ina vumbi la grainda, akataka kuiona mashine kwa chini, pale mota inapokaa. Nikabonyeza gurudumu la mausi, nikavuta. Skrini ikaganda. Tukasubiri. Mchoro ukashtuka, ukapitiliza, ukasimama umegeukia upande ambao hakuna aliyeutaka. Nikavuta tena, ukaganda tena. Mzee alitazama kimya kwa muda, kisha akasema, "Kijana wangu, hii kompyuta imechoka. Wiki hii tunanunua nyingine."

Karakana yetu iko Nyakato, hapa Mwanza. Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa konveya ya kusafirishia minofu ya sangara, ya kiwanda kimoja kilichoko karibu na ziwa: fremu ya chuma kisichoshika kutu, urefu wa mita tisa, na mkanda wa plastiki wa kuoshwa kwa maji ya presha. Mkanda wa aina hiyo si kitambaa kimoja. Ni vipande vidogo vya plastiki vinavyoshikana kwa pini, mstari kwa mstari, kama mkeka uliosukwa. Yeyote aliyewahi kuuchora kwenye SolidWorks, programu tunayochorea mashine, ameshaanza kubashiri tatizo letu lilikuwa wapi.

Laptopu yenyewe ilikuwa na mwaka mmoja na nusu tu. Ina memori ya gigabaiti 16, prosesa ya viini nane, na kadi yake ya grafiki. Nilimwambia, "Mzee, naomba siku mbili kabla hujatoa hela. Nataka kwanza nijue inachelewa wapi." Alikubali, ila kwa sura ya mtu anayekupa muda kwa heshima tu.

Neno "nzito" linaficha mambo matatu tofauti, na fedha nyingi hupotea kwa sababu watu hawayatenganishi. Kuna uzito wa kufungua faili. Kuna uzito wa kugeuza na kukuza mchoro machoni. Halafu kuna uzito wa kuhesabu upya, ule unaokuja ukibadilisha kipimo kimoja na asembli nzima, yaani mchoro wa mashine yenye vipande vyake vyote, ikaanza kujipanga. Wa kwanza huanzia zaidi kwenye diski na kwenye kiasi cha data inayobebwa. Wa pili ni wa kadi ya grafiki na wingi wa umbo linalochorwa. Wa tatu ni wa prosesa na jinsi ulivyojenga modeli yako. Dawa ya mmoja haimtibu mwenzake, na ukinunua kadi ya bei mbaya kwa ajili ya uzito wa tatu, utarudi kwenye kiti ukute hakuna kilichobadilika.

Kwa hiyo sikugusa mpangilio wowote. Nilichukua simu, nikawasha saa ya kupimia, nikaandika namba tatu kwenye karatasi. Kufungua asembli: dakika 6 na sekunde 10. Kugeuza: kila mvuto wa mausi ulichukua sekunde 3 hadi 4 kabla picha haijafuata. Kuhesabu upya kila kitu kwa `Ctrl+Q`: sekunde 52. Karatasi ile niliibandika ukutani kwa gundi ya selotepu, kwa sababu baada ya kubadilisha mambo matano kichwa hakikumbuki tena ilikuwaje mwanzo, na mtu huanza kusema "naona imekuwa nyepesi kidogo" bila ushahidi.

Nilianza na kugeuza kwa kuwa ndiko kulikomkera Mzee. Kipimo cha kwanza ni rahisi kuliko vyote: nilifunga asembli, nikafungua kipande kimoja tu, ile mota yenye giaboksi tuliyopakua kutoka kwa mtengenezaji. Mota moja peke yake. Nikaigeuza. Ilikuwa inasitasita. Hapo nikajua tatizo haliko kwenye ukubwa wa asembli peke yake, maana kompyuta ya namna ile haipaswi kuhangaika na mota moja.

Nikafungua `Task Manager`, kichupo cha `Performance`, nikaiweka pembeni ya skrini huku nikizungusha mota kwa mkono mwingine. Laptopu nyingi za leo zina kadi mbili: moja ndogo iliyomo ndani ya prosesa kwa ajili ya kazi za kawaida na kutunza chaji, na nyingine kubwa. Kwetu `GPU 0` ilikuwa ndiyo ile ndogo, na `GPU 1` ndiyo kubwa. Nilivyokuwa nazungusha, mstari wa `GPU 0` ulipanda ukagonga asilimia 96. Wa `GPU 1` ulilala kwenye sifuri, haukutikisika hata kidogo. Mwaka mmoja na nusu tulikuwa tumeilipia kadi ambayo SolidWorks haikuwahi kuigusa.

Hili hutokea bila mtu kukosea chochote. Windows ndiyo inayoamua programu ipi iende kadi ipi, na mara nyingine huamua vibaya. Nilikwenda kwenye mipangilio ya Windows, `System`, kisha `Display`, kisha `Graphics`, nikaongeza faili hili kwenye orodha na kulipangia `High performance`:

```
C:\Program Files\SOLIDWORKS Corp\SOLIDWORKS\SLDWORKS.exe
```

Nikafunga SolidWorks, nikaifungua upya. Mota ikazunguka laini kama feni. Nikarudi kwenye asembli nzima: zile sekunde 3 hadi 4 zilikuwa zimeshuka hadi kama sekunde moja. Nafuu kubwa, lakini mchoro bado ulikuwa unadunda badala ya kuteleza.

Kabla ya kuendelea nilihakikisha jambo moja. Ndani ya SolidWorks, kwenye `Tools`, `Options`, `System Options`, `Performance`, kuna kisanduku kinachoitwa `Use Software OpenGL`. Kikiwa na tiki, programu inaacha kabisa kuitumia kadi na kumwachia prosesa kazi ya kuchora. Unaweza kukibadilisha pale tu ambapo hakuna faili lililo wazi, na wengi hukikuta kimefifia wakadhani hakigusiki. Programu yenyewe huweka tiki na kukifunga kama kadi au draiva haiwezi kazi. Kwetu hakikuwa na tiki. Niliweka kwa makusudi, nikapima, mchoro ukawa mzito zaidi, nikaondoa. Jaribio hilo lina maana: kama picha ingekuwa na mistari inayopotea, nyuso zinazomemeta au programu kujifunga ghafla, halafu vyote vikatoweka baada ya kuweka tiki, basi mgonjwa angekuwa draiva ya kadi. Hapo dawa ni kuweka draiva ambayo SolidWorks wameithibitisha kwa kadi hiyo, ambayo si lazima iwe ile mpya kuliko zote.

Sasa kadi ilikuwa inafanya kazi. Swali likawa, tunaibebesha nini?

Kadi ya grafiki haijui duara. Kila uso uliopinda unakatwakatwa kuwa pembetatu ndogo bapa, na kadi inachora pembetatu hizo moja moja kila unapogeuza mchoro. Boksi la pembe nne linatosheka na pembetatu 12. Bolti yenye nyuzi zilizochongwa kweli kweli inakula maelfu. Kwenye kichupo cha `Evaluate` kuna chombo kiitwacho `Performance Evaluation`, na kwa asembli ndicho kitu cha kwanza ninachokifungua siku hizi, kwa sababu kinakupangia vipande kwa idadi ya pembetatu, kinakuonyesha kila faili limechukua muda gani kufunguka, na kinakutajia mafaili yaliyohifadhiwa kwa toleo la zamani.

Asembli yetu ilikuwa na vipande 2,140 na pembetatu kama milioni 14. Nilidhani mota ndizo zingeongoza, kwa kuwa kila moja ilikuja na gia na beringi zake zote za ndani, pembetatu 210,000 kwa mota. Lakini mota zilikuwa tatu tu, hivyo jumla yake haikufika hata laki saba. Bolti 412 zenye nyuzi za kuchonga zilikula karibu milioni moja na nusu. Kisha mkanda. Kipande kimoja cha mkanda kilikuwa na pembetatu 9,800, kwa sababu mtengenezaji alichora kila shimo la kupitishia maji, kila kona iliyolainishwa, kila jino la chini. Kipande hicho tulikirudia mara 1,150. Zidisha mwenyewe: zaidi ya milioni 11. Minofu ya samaki haikuwepo kwenye mchoro, lakini mashimo ya kuchuruzishia maji yake yalikuwepo yote, ya pande zote mbili, hata yale ambayo jicho haliyaoni kamwe.

Kuthibitisha, nilibofya mkanda nikauficha, nikageuza mashine. Iliteleza. Nikaurudisha, ikadunda. Ushahidi wa namna hii ndio ninaouamini kuliko jedwali lolote, kwa sababu hauhitaji kuelezwa.

Katikati ya hayo kijana tunayefanya naye kazi alikuja na ushauri unaotolewa kila mahali: "Kaka, fungua kwa `Lightweight`, mambo yote yaishe." Tulifungua hivyo, unyoya mdogo wa bluu ukaonekana kwenye alama ya kila kipande kwenye orodha ya kushoto. Muda wa kufungua ulipungua sana. Lakini kugeuza hakukubadilika hata chembe, na kijana alishangaa. Sababu ni hii: hali nyepesi inaacha kupakia historia ya kila kipande, yaani michoro ya awali, matobo na hatua zote zilizokijenga, hadi utakapozihitaji. Umbo linaloonekana kwenye skrini linabaki lile lile, pembetatu zile zile milioni 14. Memori inapumua, diski inapumua, kadi haipumui. Hapo ndipo watu wanapovunjika moyo na kusema hali nyepesi ni maneno tu. Si maneno. Wameipeleka kwa ugonjwa usio wake.

Kuna hali nyepesi zaidi ya hiyo, `Large Design Review`, unayoichagua kwenye dirisha la kufungulia faili. Inafungua haraka kwa sababu inasoma picha iliyohifadhiwa pamoja na asembli, na ndani yake unaweza kukata mchoro, kupima na kupita kuutazama. Ninaitumia Mzee akitaka kumwonyesha mteja, au nikitaka kusoma kipimo kimoja na kuondoka. Kwa kazi ya kuchora siku nzima haitoshi, kwa sababu kila ukitaka kuhariri kipande kwa undani unalazimika kukipakia.

Tiba ya mkanda ilikuwa kuufanya mkanda uwe mkanda. Nilichora ukanda mmoja laini wenye upana, unene na njia ile ile, ukizunguka magurudumu ya mbele na ya nyuma, nikauweka kwenye konfigurasheni mpya, yaani sura ya pili ya asembli ndani ya faili lile lile, niliyoiita `NYEPESI`. Vile vipande 1,150 na pini zake nikavizima kwenye konfigurasheni hiyo, vikabaki hai kwenye ile kamili. Kuvificha kusingetosha hapa, kwani kitu kilichofichwa hakichorwi lakini bado kinabebwa kwenye memori na bado kinaingia kwenye hesabu. Kilichozimwa kinaondoka kabisa.

Mambo mawili yanaharibika ukifanya hivi, na inafaa kuyajua mapema. La kwanza ni uzito. Ukanda wangu laini ulikuwa plastiki tupu isiyo na mashimo, hivyo programu iliupa kilo nyingi kuliko mkanda halisi, na kwa uzito huo tungechagua mota kubwa bure. Nilichukua uzito wa mkanda kamili, nikauandika kwa mkono kwenye ukanda kupitia `Mass Properties`, `Override Mass Properties`. La pili ni orodha ya vifaa. Konfigurasheni nyepesi haina vipande 1,150, kwa hiyo jedwali la vifaa kwenye mchoro wa karatasi lazima lielekezwe kwenye konfigurasheni kamili, la sivyo mtu wa manunuzi ataagiza ukanda mmoja usiouzwa popote.

Bolti zilikuwa kazi ya nusu saa: nikazima nyuzi za kuchonga, nikaweka zile za alama tu, ambazo zinaonekana kwenye mchoro wa karatasi kama kawaida. Nyuzi za kuchonga zinahitajika kama unachapa bolti yenyewe kwa plastiki, na sisi tunazinunua dukani. Mota nikazipitisha kwenye `Defeature`, chombo kinachofuta vya ndani na kubakiza ganda, matobo ya kufungia na shafti. Pembetatu zikashuka kutoka milioni 14 hadi pungufu ya laki nane, na vipande vikabaki mia saba na ushee.

Nilipogeuza mashine, ilifuata mkono.

Kuna vitu vidogo vya kuonekana ambavyo navyo vinakula: vivuli, `Ambient Occlusion`, na mistari myeusi ya kingo. Ukihama kutoka `Shaded With Edges` kwenda `Shaded` kwenye asembli kubwa utahisi tofauti hapo hapo. Pia kitelezi cha `Image Quality` kwenye mipangilio ya faili: mtu akikisukuma kulia kabisa kwenye kiolezo cha ofisi, kila kipande kitakachozaliwa humo kitarithi pembetatu nyingi. Kwetu kilikuwa mahali pazuri, ndiyo maana sikai hapo.

Kufungua faili kulikuwa na sababu ya aibu kidogo kwa ofisi nzima: mradi ulikuwa ukikaa kwenye diski ya nje ya sahani inayozunguka, iliyochomekwa kwa waya, kwa sababu "isije ikapotea". Nilinakili folda nzima kwenye SSD ya laptopu na kuiacha diski ya nje iwe ya nakala ya jioni. Pamoja na hayo niliyafungua na kuyahifadhi upya mafaili ya zamani, maana faili la toleo la nyuma hubadilishwa kila linapofunguliwa hadi ulihifadhi. Dakika 6 na sekunde 10 zikawa chini ya dakika 2, na kwa `Lightweight` zikawa sekunde 35.

Ikabaki ile namba ya tatu, sekunde 52, na hapa ndipo swali la kununua lilipojibiwa.

Siku ya pili Mzee alirudi na habari kwamba kuna mashine ya mezani iliyotumika, yenye prosesa mbili za seva, jumla ya viini 24, kila kimoja cha gigahezi 2.4, kwa bei iliyomvutia sana. "Viini 24, kijana wangu. Yako ina nane." Nilimwomba akae. Nikabonyeza `Ctrl+Q` huku `Task Manager` iko wazi. Prosesa ilionyesha asilimia 7. Mzee akasema, "Mbona imelala?" Nikabofya kulia kwenye grafu, nikachagua `Change graph to`, kisha `Logical processors`, grafu moja ikagawanyika kuwa vijisanduku 16, viwili kwa kila kiini. Kumi na tano vilikuwa chini. Kimoja kilikuwa kimejaa hadi juu.

"Hicho kimoja ndicho kinachofanya kazi," nikamwambia. "Wengine wanamsubiri."

Kuhesabu upya modeli ni kazi ya mfuatano: tobo linasubiri bamba, bamba linasubiri mchoro wake, kipande kinasubiri kile kinachokishikilia. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inapita kwenye kiini kimoja. Sehemu moja ya kumi na sita ni kama asilimia 6, na ndiyo maana prosesa inaonekana imelala wakati imebanwa kooni. Mashine ya viini 24 vya gigahezi 2.4 ingekuwa polepole kuliko laptopu yetu, ambayo kiini chake kimoja kinapanda hadi zaidi ya gigahezi 4. Viini vingi vina faida kwa kutengeneza picha za mauzo na kwa baadhi ya hesabu za nguvu za chuma. Kwetu kazi hizo zinatokea mara moja kwa mwezi.

Nilimwonyesha na jambo la pili. Nilichomoa chaja. Kwenye `Task Manager` neno `Speed` lilishuka hadi gigahezi 1.4, na `Ctrl+Q` ile ile ikachukua zaidi ya dakika mbili. Umeme ukikatika tulikuwa tukiendelea kwa betri na kusema mchana kompyuta "inachoka". Na hata umeme ukiwepo, feni iliyojaa vumbi la grainda inaifanya prosesa ijipunguzie kasi ili isiungue. Tulifungua mfuniko wa chini tukapuliza kwa hewa ya kompresa kwa umbali, feni zikiwa zimeshikwa zisizunguke. Vumbi lililotoka lilifunika meza.

Hatimaye Mzee alinunua memori tu, tukapanda kutoka gigabaiti 16 hadi 32, kwa sababu nikiwa na asembli kamili na mchoro wake wa karatasi pamoja memori ilikuwa ikijaa na Windows kuanza kuhamishia vitu kwenye diski. Siku tutakayonunua mashine nzima nitatafuta prosesa yenye kasi kubwa ya kiini kimoja, na kadi ya daraja la kazi iliyo kwenye orodha ya SolidWorks, ya kiwango cha kati. Kadi za michezo zinachora vizuri pia, ila `RealView` haipatikani na draiva zake hazijathibitishwa kwa programu hii.

Kuhusu zile sekunde 52: kuondoka kwa mkanda kulizifikisha 31. Kisha nikagundua sabuasembli ya lango la kumwagia minofu imewekwa `Flexible` ili lango lifunguke na kufungwa, na ikiwa hivyo meti zake zote, yaani viungo vinavyoshikanisha vipande, zinahesabiwa upya pamoja na za asembli kuu. Niliirudisha `Rigid`, zikawa 19. Mteja akija kutazama naifungulia tena lango kwa dakika chache, akiondoka nalifunga.

Karatasi bado iko ukutani, namba tatu za zamani zimekatwa kwa kalamu nyekundu. Zile 19 zinanisumbua. Nashuku kuna vipande vya fremu nilivyovichora ndani ya asembli vikivutana vipimo kwa mduara, na Jumamosi nitavipitia kimoja kimoja.